Kisa cha tumbili wa Gitaru na siri ya koili izungukayo

JUMANNE ya Juni 7, 2016, tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, kando ya Mto Tana, kisha akaangukia transfoma. Transfoma hiyo ikajizima. Mashine nyingine za kituo hicho zikazidiwa na mzigo, nazo zikajizima. Kulingana na taarifa iliyotolewa na kampuni ya KenGen siku hiyo, zaidi ya megawati 180 zilipotea na nchi nzima ikatumbukia gizani. Tumbili mwenyewe alinusurika na kukabidhiwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

Wakenya wengi walicheka, na si ajabu. Lakini nyuma ya kicheko hicho lilibaki swali ambalo wengi hawakuliuliza. Mashine zilizobaki zilikuwa nzima. Maji yalikuwa yakitiririka kama kawaida na sumaku zake hazikuwa zimepoteza nguvu. Je, kwa nini mashine nzima ishindwe kuendelea kuzunguka eti kwa sababu mwenzake amejiondoa? Ni kitu gani hasa kilichoilemea?

Jibu la swali hilo limo ndani ya kipande cha waya kilichokunjwa kwa umbo la mstatili na kuzungushwa kati ya ncha mbili za sumaku. Wanafunzi wa kidato cha nne hukutana nacho katika somo la fizikia, na wengi wao hukariri kanuni za vidole bila kujua zinatoka wapi. Ukweli ni kwamba anayeielewa sheria ya uhifadhi wa nishati, yaani nishati haiumbwi wala haiangamii bali hugeuka sura tu, anaweza kutambua mwelekeo wa mkondo wa umeme katika koili hiyo bila kukariri mengi.

Koili na vipimo vyake

Hebu tuitengeneze koili hiyo akilini. Chukua fremu ya mbao yenye urefu wa sentimita 20 na upana wa sentimita 10, kisha uizungushie waya wa shaba mizunguko 100. Ipitishie katikati mhimili unaolingana na urefu wake, ili zile pande mbili ndefu ziwe zikipanda na kushuka mhimili unapozunguka. Kila upande mrefu uko umbali wa sentimita 5 kutoka kwenye mhimili.

Weka fremu hiyo kati ya ncha mbili za sumaku imara. Ncha ya kaskazini iwe kushoto kwako na ya kusini kulia kwako. Kati yake kuna uga wa sumaku unaoelekea kulia, kwani mistari ya uga hutoka ncha ya kaskazini na kuingia ncha ya kusini. Tuchukulie kwamba uga huo una nguvu ya tesla 0.1 na kwamba ni sawa mahali pote fremu inapopita. Mhimili nao unaelekea mbele, kutoka ulipo wewe mtazamaji kwenda mbali nawe.

Sasa izungushe fremu mara 10 kwa kila sekunde, sawa na mizunguko 600 kwa dakika. Kila upande mrefu utakuwa ukienda kwa kasi ya mita 3.14 kwa sekunde.

Waya unapoukata uga wa sumaku, chembe za umeme zilizomo ndani yake husukumwa kuelekea ncha moja ya waya. Msukumo huo hupimwa kwa volti. Waya ukiukata uga kimraba, ukubwa wa msukumo hupatikana kwa kuzidisha vitu vitatu: nguvu ya uga, urefu wa waya na kasi yake. Kwa waya mmoja wa upande mrefu, hesabu ni 0.1 mara 0.2 mara 3.14, nayo hutoa volti 0.0628 pekee. Hiki ni kiasi kidogo mno. Hata hivyo, kila mzunguko una pande ndefu mbili, na misukumo yake husaidiana kwa sababu upande mmoja unapopanda mwingine hushuka. Aidha, mizunguko yote 100 imeungana mmoja baada ya mwingine. Ukizidisha kwa 2, kisha kwa 100, utapata takriban volti 12.6.

Pande fupi mbili hazichangii chochote. Chembe zilizomo ndani yake husukumwa kukatiza waya badala ya kufuata urefu wake, na kwa hivyo hakuna msukumo unaozunguka katika koili kutokana nazo.

Volti 12.6 ni kilele tu, nacho hufikiwa fremu inapokuwa imelala bapa, sambamba na mistari ya uga. Hapo pande ndefu zinapanda na kushuka wima, zikiukata uga kimraba. Robo mzunguko baadaye, fremu inaposimama wima, pande hizo huwa zinakwenda kulia na kushoto, yaani zinaifuata mistari bila kuikata. Wakati huo msukumo ni sufuri. Kati ya hali hizo mbili, msukumo hupungua na kuongezeka taratibu, mfano wa wimbi.

Hapa ndipo watahiniwa wengi hukwama. Fremu inaposimama wima, mistari mingi zaidi ya sumaku huwa inapenya ndani yake. Mwanafunzi huona mistari mingi akadhani msukumo nao sharti uwe mkubwa. La hasha. Kinachozalisha msukumo ni kasi ya kubadilika kwa idadi ya mistari hiyo, wala si wingi wake. Jiwe lililorushwa juu husita kidogo lifikapo kileleni. Ndivyo ilivyo idadi ya mistari fremu inapokuwa wima. Imefika juu kabisa, na kwa hivyo kwa nukta hiyo haiongezeki wala haipungui.

Mkondo unaelekea wapi?

Tumeujua ukubwa wa msukumo. Bado hatujaujua mwelekeo wake. Tuziunganishe ncha mbili za waya na kifaa chenye ukinzani wa omu 10, kwa mfano waya wa kupashia joto, kupitia pete mbili za shaba na brashi za kaboni ili waya zisijisokote. Koili yenyewe tuipe ukinzani wa omu 2.6. Ukinzani wote basi ni omu 12.6, na msukumo ufikapo kileleni mkondo utakuwa ampea 1.

Tuseme fremu inazunguka kwa namna ambayo upande wake wa kushoto unapanda na wa kulia unashuka. Je, katika upande wa kushoto, mkondo unakwenda mbali nawe au unakujia? Hakuna uwezekano wa tatu.

Kuna jambo moja ambalo hatuwezi kuliepuka. Waya wowote unaobeba mkondo ndani ya uga wa sumaku husukumwa na kani. Hiyo ndiyo kani inayozungusha mota za posho na feni. Katika fremu yetu, kila upande mrefu una nyaya 100, kila waya una urefu wa mita 0.2, mkondo ni ampea 1 na uga ni tesla 0.1. Zidisha vyote hivyo na utapata kani ya nyutoni 2 kwa kila upande. Kani hiyo ni ya juu au ya chini, kutegemea mwelekeo wa mkondo.

Tujaribu kwanza dhana moja. Tuseme mkondo unaelekea upande ambao kani katika waya wa kushoto ni ya kwenda juu. Waya huo tayari unapanda, na sasa unasukumwa upande uo huo. Waya wa kulia nao unashuka huku ukisukumwa chini. Kwa maneno mengine, mkondo unaisaidia fremu kuzunguka.

Matokeo yake ni nini? Kila upande unasukumwa kwa nyutoni 2 huku ukienda kwa kasi ya mita 3.14 kwa sekunde. Kwa pande zote mbili, fremu inapokea takriban juli 12.6 kwa kila sekunde, yaani wati 12.6, na kasi yake inazidi. Wakati huo huo, mkondo wa ampea 1 unaosukumwa na volti 12.6 unatoa wati nyingine 12.6 za joto katika waya. Jumla ni wati 25 hivi. Nani anazilipa? Wewe uliyeianzisha fremu umekwisha kuuachilia mkono. Sumaku haipungui. Hakuna kuni zilizoungua wala maji yaliyoteremka.

Isitoshe, mambo yangezidi kuharibika. Kasi ikiongezeka maradufu, msukumo nao huongezeka maradufu, na vivyo hivyo mkondo. Joto lingekuwa mara nne. Fremu iliyosukumwa kidogo tu kwa kidole ingejiongezea kasi bila kikomo, huku ikipasha moto kila kitu kilichounganishwa nayo. Mkulima angeiweka moja shambani, akaigusa asubuhi, na asinunue mafuta ya pampu maisha yake yote. Kitu kama hicho hakijawahi kuonekana kokote, na sheria ya uhifadhi wa nishati inakikataza. Dhana ya kwanza basi imeanguka.

Unasalia uwezekano mmoja pekee. Katika waya wa kushoto unaopanda, kani sharti iwe ya kwenda chini. Katika waya wa kulia unaoshuka, kani sharti iwe ya kwenda juu. Mkondo unaizuia fremu. Anayeizungusha inambidi afanye kazi ya kuishinda kani hiyo, na kazi hiyo ndiyo inayogeuka kuwa umeme.

Tazama sasa jinsi hesabu zinavyokubaliana. Nyutoni 2 mara pande 2 mara mita 3.14 kwa sekunde ni wati 12.6: hicho ndicho anachotoa mzungushaji wakati wa kilele. Volti 12.6 mara ampea 1 ni wati 12.6: hicho ndicho kinachopokewa na waya. Hakuna kilichozidi wala kilichopungua. Ingawa hesabu ya kwanza ilitokana na kani na kasi, na ya pili ilitokana na volti na ampea, zote mbili zimefika mahali pamoja.

Kidole kimoja cha kushikilia

Imebaki hatua moja. Tunajua kani katika waya wa kushoto ni ya kwenda chini na uga unaelekea kulia. Mkondo gani hutoa kani ya namna hiyo? Hapa tunahitaji kanuni moja tu, ile ya mkono wa kushoto inayotumiwa kwa mota. Nyosha kidole gumba, kidole cha shahada na kidole cha kati viwe vinaachana kimraba. Cha shahada kionyeshe uga, cha kati mkondo, na gumba kani.

Elekeza kidole cha shahada kulia na gumba chini. Kidole cha kati kitajikuta kinaelekea mbele, mbali nawe. Kwa hivyo, katika upande wa kushoto mkondo unakwenda mbali nawe, unapita upande mfupi wa nyuma, kisha unarudi kukujia kupitia upande wa kulia. Mtu anayeitazama fremu kutoka juu ataona mkondo ukizunguka kama mishale ya saa.

Msomaji anaweza kulithibitisha hilo kwa njia nyingine. Fremu iliyolala bapa haipenywi na mstari wowote. Inapoendelea kuzunguka, ule uso wake uliokuwa juu huanza kugeukia kulia, na mistari huanza kuipenya, ikiingilia uso wa chini na kutokea ule wa juu. Mkondo wa mwelekeo wa saa, ukitazamwa kutoka juu, huwa na uga wake wenyewe unaoelekea chini ndani ya fremu. Uga huo unapinga ongezeko lile. Njia zote mbili zimetoa jibu moja.

Zingatia, hata hivyo, kwamba kinachopingwa ni badiliko, si uga wenyewe. Fremu ikishapita wima, mistari inayoipenya huanza kupungua. Hapo mkondo hugeuka na kuanza kuisaidia mistari hiyo isipungue. Mwanafunzi aliyekariri kwamba mkondo hupinga uga wa sumaku atakosea kuanzia hapo. Lakini yule anayeuliza swali la nishati hatakosea kamwe: kabla ya wima na baada ya wima, kani sharti iwe ya kuzuia mzunguko.

Njia hii hii inaeleza kwa nini mkondo hugeuka-geuka. Baada ya nusu mzunguko, waya uliokuwa kushoto sasa uko kulia na unashuka. Kani yake ilikuwa ya kwenda chini, sasa ni ya kwenda juu. Mkondo ndani yake uliokuwa ukienda mbali nawe sasa unakujia. Kwa fremu yetu yenye mizunguko 10 kwa sekunde, mkondo hukamilisha safari ya kwenda na kurudi mara 10 kwa sekunde. Umeme wa gridi ya Kenya hufanya hivyo mara 50.

Kanuni iliyotangulia sababu yake

Michael Faraday aligundua mwaka 1831, jijini London, kwamba sumaku inayosogea huzaa umeme katika waya. Kilichobaki ni kanuni moja nyepesi ya kutambua mwelekeo. Mwanafizikia Heinrich Lenz, aliyekuwa akifanya kazi mjini St Petersburg, nchini Urusi, aliitoa mwaka 1833. Alisema kwamba mkondo unaozaliwa kwa mwendo huelekea upande ambao utaupinga mwendo huo.

La kustaajabisha ni kwamba Lenz hakuwa na sheria ya uhifadhi wa nishati ya kuegemea. Sheria hiyo ilikuja kuelezwa kinaganaga na Mjerumani Hermann von Helmholtz mwaka 1847, miaka 14 baadaye. Lenz aliipata kanuni yake kwa kulinganisha majaribio ya wenzake na kuona mtindo mmoja unaojirudia. Leo sisi tunaweza kuanza na sababu, kisha kanuni ikajitokeza yenyewe.

Mipaka ya hoja hii

Kila hoja ina mipaka yake, na hii ina mitatu ambayo inafaa ijulikane.

Kwanza, iwapo ncha za waya hazijaunganishwa na kitu, msukumo wa volti 12.6 bado upo lakini hakuna mkondo. Pasipo mkondo hakuna kani ya kuzuia. Fremu itazunguka kwa wepesi, ikisumbuliwa tu na msuguano wa beringi na upepo. Haya yanaweza kujaribiwa kwa baiskeli yenye dainamo. Liinue gurudumu, uzungushe pedali taa ikiwa imeunganishwa, kisha uchomoe waya wa taa na kuzungusha tena. Pedali huwa nyepesi ingawa dainamo bado inagusa tairi. Ikiwa hakuna tofauti yoyote, kuna hitilafu: ama balbu imeungua, ama waya umekatika ndani.

Katika dainamo nyingi za baiskeli sumaku ndiyo inayozunguka huku koili imetulia, na ndivyo ilivyo hata katika mashine kubwa za Gitaru. Jambo hilo halibadilishi hoja. Ni mwendo wa kimoja kuhusiana na kingine ndio unaohesabika.

Pili, kama kuna betri katika mzunguko huo wa umeme, mkondo unaweza kuelekea kinyume na tulivyoeleza. Betri yenye volti nyingi kuliko koili itausukuma mkondo upande wake, na fremu itageuka kuwa mota. Hata hapo msukumo wa koili huwa na mwelekeo ule ule tuliouona. Umeshindwa tu nguvu na betri. Nishati haijazuka hewani, maana betri ndiyo inayoilipa. Kwa hakika, msukumo huo unaokinzana na betri ndio unaoizuia mota isivute mkondo kupita kiasi. Mota iliyokwama isizunguke huukosa, na ndiyo sababu huungua upesi.

Tatu, tulichukulia kwamba kifaa kilichounganishwa hugeuza umeme wote kuwa joto papo hapo. Vifaa vyenye koili kubwa zilizozungushwa kwenye chuma, kama mota za pampu, huhifadhi sehemu ya nishati kwa muda mfupi na kuirejesha. Mkondo wake huchelewa nyuma ya msukumo. Kwa hivyo, katika kila mzunguko kuna vipindi vifupi ambapo mkondo huisaidia fremu badala ya kuizuia. Hilo halivunji sheria. Nishati inayorudishwa ni ile iliyokopeshwa muda mfupi kabla, na ukijumlisha mzunguko mzima, fremu imezuiwa zaidi kuliko ilivyosaidiwa.

Uzito mkononi

Je, mtu anayeizungusha fremu yetu angehisi nini? Mizunguko 10 kwa sekunde ni mingi kwa mkono mtupu, kwa hivyo tumwekee gurudumu kubwa na mkanda ili mzunguko mmoja wa mkono uzae mizunguko 10 ya fremu. Mpini uwe sentimita 20 kutoka katikati ya gurudumu. Wakati wa kilele, mpini utamkinza kwa nyutoni 10, sawa na uzito wa pakiti ya sukari ya kilo moja. Fremu inaposimama wima, kinzani hiyo hutoweka. Kwa kuwa kupanda na kushuka huko hutokea mara 20 kwa sekunde, mkono hautambui vilele hivyo. Utahisi wastani, ambao ni nusu ya kilele, yaani uzito wa nusu kilo.

Sasa mwambie mwenzake aongeze kifaa cha pili cha omu 10 sambamba na kile cha kwanza. Ukinzani wote unashuka hadi omu 7.6, na mkondo unapanda kutoka ampea 1 hadi takriban 1.65. Volti hazijabadilika na sumaku ni ile ile, lakini kani imeongezeka kwa kiasi kile kile cha mkondo. Aliyekuwa akisukuma nusu kilo sasa anasukuma zaidi ya gramu 800. Akikataa kuongeza juhudi, fremu itapunguza mwendo wenyewe, na volti zitashuka nao.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayewasha kifaa cha pili ndiye anayekitaka cha mvunguni, lakini anayeinama ni yule aliyeshika mpini.

Kurudi Gitaru

Msomaji sasa anaweza kujijibu swali tulilolianza nalo. Kituo cha Gitaru, chenye uwezo wa megawati 225, ni mkono mkubwa unaoshika mpini. Ili kutoa megawati 180, maji ya Mto Tana hayana budi kufanya kazi ya zaidi ya juli milioni 180 kwa kila sekunde dhidi ya kani ile ile ya kuzuia tuliyoipata katika fremu yetu ndogo.

Mashine moja inapojitoa ghafla, watumiaji hawajui. Taa zao bado zinawaka na pampu zao bado zinavuta. Mkondo uliokuwa ukitoka katika mashine iliyozimika sasa unatafutwa katika zile zilizobaki. Mkondo wa kila moja unapanda na kani ya kuzuia inapanda nao. Milango ya maji haiwezi kufunguka zaidi kwa kufumba na kufumbua. Kwa sekunde chache za mwanzo, ziada hiyo hulipwa kwa nishati mwendo ya mashine zenyewe, yaani hupungua kasi. Mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde huanza kushuka, na mikondo iliyozidi huanza kuzipasha moto koili. Vifaa vya ulinzi, vilivyowekwa ili kuziokoa koili hizo zisiungue, huzitenga mashine moja baada ya nyingine. Kila inayotengwa huzizidishia mzigo zinazobaki.

Kinyume chake pia ni hatari. Waya mkubwa wa kusafirishia umeme ukikatika, mkondo hutoweka na kani ya kuzuia hutoweka nao, ilhali maji bado yanasukuma. Mashine hukimbia kama baiskeli iliyokatika mnyororo mpandaji akiwa amekanyaga pedali kwa nguvu zote. Ndiyo maana mitambo ya maji huwa na vidhibiti vya kupunguza maji mara kasi inapozidi kiwango.

Tumbili yule hakuharibu sumaku wala koili za mashine zile. Alikiondoa tu kituo kimoja cha kupitishia umeme, na mzigo uliokuwa ukipitia hapo ukahamia kwa wengine. Waliobaki walikuwa na nguvu zao kamili, lakini kila ampea iliyoongezeka ilidai kani yake, na kani hiyo sharti ilipwe na maji.